Deni Lililohamishwa Saa Tatu na Robo

Mimi ndiye niliyempelekea yule mzee karatasi. Nianze hapo hapo, nisije nikazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wengine waliotia mkono wao katika jambo lile walikuwapo, na nitawataja, lakini karatasi niliipeleka mimi, kwa baiskeli ya serikali, kutoka Uvira hadi Luberizi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wamekaa vizuri kwenye viti vyao, na mimi nikiwa kijana wa tribunali. Kazi yangu ilikuwa kupeleka hati kwa watu majumbani. Watu walituita wisiye, neno la Kifaransa lililopita vinywani mwao likachoka njiani. Nilikuwa na kaptula iliyopigwa pasi, soksi hadi magotini, mkoba wa ngozi, na saa ya mkono niliyoilipia kwa miezi minane. Nilijiona nimefika. Wenzangu wa darasani walikuwa wakichimba mihogo Runingu na mimi nilikuwa nikiandika Kifaransa juu ya magoti yangu. Ukinisalimia barabarani kabla hujanitazama mkoba, nilikuwa naona umenikosea adabu. Nacheka sasa, lakini si kicheko kizuri.

Nieleze karatasi yenyewe, maana wajukuu wangu wakisikia neno hati wanafikiri ni ya kiwanja. Yule mzee wa Luberizi alikuwa amenunua mashine ya kukoboa mpunga kwa mwenye duka mmoja wa Uvira, kwa mkopo. Alishalipa zaidi ya nusu, mavuno baada ya mavuno, zikabaki faranga elfu kumi na mbili. Mwenye duka alikuwa mdai, mzee alikuwa mdaiwa, jambo la watu wawili waliojuana. Lakini mwenye duka alianza kukaukiwa na pesa. Bukavu kulikuwa na kampuni ambayo kazi yake ilikuwa kununua madeni ya watu na kuyakusanya: inampa mwenye duka pesa pungufu leo mkononi, kisha inakuja kumdai mdaiwa deni zima. Basi wakaandika hati, mwenye duka na kampuni, wakatia sahihi zao wawili: deni la fulani wa Luberizi, pamoja na karatasi zake zote na haki zake zote, tangu sasa ni mali ya kampuni.

Mdaiwa haombwi ruhusa katika mambo hayo, wala haitwi kushuhudia. Ila ni lazima ajulishwe, na kampuni ilitaka ajulishwe kwa mkono wa mtu wa tribunali ili kusiwe na ubishi. Kwa sababu kabla hajajulishwa, akimlipa mdai wake wa zamani, amelipa, deni limekwisha, na kampuni itajuana na aliyeiuzia. Lakini akishajulishwa, halafu akaenda kumlipa yule wa zamani, kampuni haihusiki na malipo hayo. Itamdai yote, na yeye atajijua na mtu aliyempa pesa. Bwana mkubwa wa ofisi yetu, Mbelgiji mmoja mwembamba mwenye kikohozi, alinifundisha kuandika siku na saa kwenye kila hati. Wengine waliandika siku tu. Yeye alisema saa haigharimu wino mwingi.

Nilitoka Uvira jana yake mchana, nikalala Runingu kwa mama mdogo, na alfajiri nikaendelea na safari. Barabara ya uwandani ilikuwa mchanga mtupu, na ng'ombe walikuwa wakivuka bila haraka. Karibu na Nyakabere nilikutana na lori la mpunga likielekea Uvira, limejaa magunia, na watu watatu wanne wamekaa juu. Nikashuka pembeni kukwepa vumbi. Mmoja wa waliokaa juu, mzee aliyevaa koti jeusi, alinipungia mkono kwa heshima, akidhani labda namfahamu. Mimi sikumpungia. Nilikuwa napangusa saa yangu.

Nilipofika Luberizi niliulizia mashine, na kila mtu aliijua. Ilikuwa kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara, imefungwa kwa nati kwenye saruji, na akina mama walikuwa wamekaa chini na vikapu vyao vya mpunga wakingoja. Mtoto wa kiume wa mzee, mtu mzima mwenye ndevu, ndiye aliyekuwa akiiendesha. Kelele za mashine zilikuwa kubwa hata ukiuliza jambo unaulizia sikioni. Kabla ya mashine ile, mwanamke wa pale alikuwa akitwanga mpunga tangu asubuhi hadi mabega yawake moto. Sasa alikuwa akileta kikapu, anaacha sehemu kidogo ya mchele kama malipo, anarudi nyumbani na siku yake bado ndefu. Ile mashine ndiyo iliyomfanya mzee aitwe mzee, maana nywele zake peke yake hazikutosha.

Yule mwana akanionyesha nyumba, mita mia nyuma ya kibanda. Mke wa mzee alikuwa nje, mama mnene wa Kirundi, rozari shingoni, anachambua sombe, majani ya muhogo. Aliponiona na mkoba aliinuka akapangusa mikono.

“Bwakeye, baba. Karibu. Ikala hapa kwa kivuli.”

“Bwakeye, mama. Namtafuta bwana yako. Nimetumwa na tribunali.”

Mtu mwingine angeshtuka kusikia neno tribunali. Yeye alinisogezea kigoda.

“Sawa. Ikala kwanza. Minye niko na bugari kwa moto na ndagala ya jana. Utakula, tutaongea habari, kiisha utasema yenye ilikuleta.”

Sasa, nisikilizeni vizuri, maana jambo lote liko hapa. Kwetu uwandani, awe Murundi, awe Mufuliiru kama mimi, mgeni hafungui mdomo juu ya shughuli yake kabla hajaweka kitu tumboni. Anakaa, ananawa, anakula. Akila, wenyeji wanamwambia habari za nyumba: nani mgonjwa, nani amezaa, nani amesafiri na kwa nini. Naye anasema za kwao. Mwisho kabisa, sahani zimeondolewa, ndipo anasema, “Haya, nililetwa na jambo.” Mama yangu alinilea hivyo. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Lakini nilikuwa na mkoba, na soksi, na nilikwisha kujiambia kuwa desturi hizo ni za watu wasio na saa.

“Asante, mama, sitakula. Niko na haraka. Ni kazi ya serikali.”

“Hata maji?”

“Hata maji.”

Akabaki na kata mkononi. Nikaitazama saa yangu, na nilihakikisha kuwa ameniona nikiitazama. Saa tatu na robo. Nikatoa hati, nikamuuliza kama ni mke wake wa ndoa na kama wanakaa nyumba moja, akasema ndiyo, wa ndoa ya padri. Basi inatosha, sheria inakubali: mdaiwa asipokuwapo, hati anaachiwa mtu wa nyumbani kwake, na ni kama amepewa mwenyewe. Nikasimama wima nikasoma Kifaransa chote, mstari kwa mstari, na mama wa watu akaniangalia kama mtu anayesikiliza Misa ya Kilatini. Kisha nikaeleza kwa Kiswahili, polepole, na hapo sijilaumu, nilieleza vizuri: deni la mashine limehama, sasa ni la kampuni ya Bukavu, na kuanzia sasa hivi bwana yako asimpe tena mwenye duka hata faranga moja. Nikaandika saa, nikamshika kidole nikakipaka wino, akakiweka. Nikampa nakala yake.

Akaishika kwa ncha za vidole, wino usichafue.

“Lakini baba,” akasema, “muzee ametoka leo asubuhi na makuta yote. Ameuza ng'ombe mbili. Ameenda Uvira kumaliza ile deni.”

Nikamuuliza ameenda na nini. Na lori la mpunga. Amevaaje. Koti nyeusi ya Misa, kwa sababu alisema siku ya kumaliza deni mtu hawezi kwenda kama anaenda shamba.

Nilibaki nimesimama na kalamu. Hati ilikuwa mkononi mwangu, wino wa kidole haujakauka. Ningeweza kuichana. Ningeweza kuandika nyingine kesho yake, baada ya mzee kurudi na risiti yake, na deni lingekuwa limekufa kihalali, na kampuni ingemkimbiza mwenye duka, si yeye. Ningekuwa nimekaa kwenye kigoda kile nikala bugari, mama angeniambia habari za nyumba kama wote wanavyofanya, ningejua kabla sijafungua mkoba. Hakuna sheria inayomwambia mtu wa tribunali asile. Bwana mkubwa mwenyewe alikuwa akisema hati ina siku tatu, ipeleke ukiweza.

Sikuichana. Niseme ukweli, niliogopa. Kila nakala ilikuwa na namba, mwanamke alikwisha kutia kidole mbele ya jirani aliyekuja kuchungulia, na mimi nilikuwa nimeomba ile kadi waliyowapa Waafrika wenye mwenendo mzuri. Mtu aliyeomba kadi ile alikuwa akikaguliwa hadi chooni. Nikajidanganya. Nikajiambia mwenye duka si mwehu, amesaini hati kwa mkono wake, atamwambia mzee, “Rudi na pesa zako, deni si langu tena.” Nikamwambia mama, “Usihofu, hatazipokea.” Nikapanda baiskeli.

Nilikanyaga kama mwizi. Sijapata kuendesha vile kabla wala baada. Mnyororo ulitoka mara mbili, na mara ya pili nilijikata kidole nikaendelea na damu. Nilifika Uvira alasiri, nikaenda moja kwa moja dukani na vumbi langu. Mwenye duka alikuwa nyuma ya kaunta anakunja vitambaa. Nikamuuliza kama mzee wa Luberizi amefika.

“Amefika. Amelipa. Mtu safi sana yule.”

“Lakini deni si lako. Umesaini.”

Hakubadilika hata uso. Alisema yeye hakujua kama barua imekwisha kufika, na mtu akikuletea pesa mkononi, na koti lake la Misa, utamrudishaje? Atazipeleka kwa kampuni mwenyewe, alisema. Akanipa na sigara. Nami, mjinga mimi, niliivuta.

Hakuzipeleka. Mvua za kwanza hazijanyesha duka lilikuwa limefungwa, mbao zimepigiliwa milangoni, na yeye alikwisha kupanda meli kwenda Kigoma na kutoka huko sijui wapi. Kumbe alikuwa na madeni kila upande. Kila aliyekwenda kumtafuta alikuta kufuli.

Kampuni ikaandika barua kwa mzee. Ikaandika ya pili. Kisha ikamshtaki. Hakimu alikuwa akiteremka kutoka Bukavu mara moja moja kusikiliza kesi Uvira, na mkalimani wa kikao alikuwa nani? Ndiyo, mimi. Kiswahili na Kirundi kuingia Kifaransa, Kifaransa kutoka, na mshahara ule ule.

Siku ya kesi nilimwona mzee ameketi barazani tangu asubuhi, koti jeusi, risiti imekunjwa ndani ya kitambaa cheupe. Ndipo nilipoona kwa macho yangu kuwa ndiye yule wa juu ya lori. Alinisalimia kwa mikono miwili. Mke wake alikuwa pembeni yake, naye akanisalimia, macho chini. Nilijua mara moja kuwa hajamwambia mume wake jinsi nilivyokuja, kwamba alinikaribisha nikakataa. Kwao, kumsema mgeni vibaya kwa kukataa chakula ni kujisema wewe mwenye nyumba. Alikuwa amenifichia aibu yangu, na mimi wala sikumwomba.

Nikamvuta mzee kando, nyuma ya tangi la maji.

“Muzee,” nikamwambia, “watakuuliza ulilipa saa ngapi. Risiti yako iko na siku, haina saa. Karatasi yangu iko na siku ile ile, na saa tatu na robo. Sikiliza vizuri. Ukisema ulilipa asubuhi sana, duka linapofunguliwa, umepona. Mwenye duka hayuko, hakuna wa kukubishia.”

Akanitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto aliyekosea katekisimu.

“Lakini minye sikufika asubuhi, mwana wangu. Lori ilikuwa inasimama kila kijiji kupakia. Nilifika kengele ya misioni inalia ya saa sita. Nilikuwa nahesabu makuta, nikaacha kwanza, nikasali Malaika wa Bwana, kiisha nikahesabu tena. Yeye mwenye duka alikuwa ananingojea.”

“Usiseme hiyo kengele.”

“Nisiseme kengele?”

“Usiseme.”

Akarudi barazani kukaa na mke wake. Nilidhani amenielewa.

Tukaingia. Mtu wa kampuni alikuwa kijana wa Kizungu mwenye nywele zilizopakwa mafuta. Hakuwa na ukali wowote, alikuwa akifanya kazi yake tu kama mimi. Aliweka mezani hati ya kuhamisha deni na nakala ya taarifa niliyoipeleka. Mzee akafungua kitambaa chake akaweka risiti, akaipapasa iwe sawa. Hakimu akaisoma, akaisoma tena, akaona siku ni moja kwenye karatasi zote mbili. Uso wake ulifunguka kidogo. Naapa nilimwona anatafuta njia. Akaniambia, muulize alilipa saa ngapi, na umwambie afikiri vizuri kabla ya kujibu.

Nikamuuliza. Nilisema hata yale ya kufikiri vizuri, nikayarudia mara mbili, mara ya pili kwa Kirundi. Mzee akaangalia msalaba uliotundikwa ukutani juu ya kichwa cha hakimu. Katika tribunali ile walikuwa na msalaba.

“Nililipa wakati kengele ya saa sita ilikuwa inalia,” akasema. “Niliacha kuhesabu, nikasali.”

Chumba chote kilikuwa kinaningoja mimi. Kifaransa changu hakijawahi kuwa kizito kiasi kile mdomoni. Ningeweza kusema saa mbili. Hakimu hakujua Kirundi, Kiswahili chake kilikuwa cha kuagiza chai. Lakini mzee alikuwa amesema “saa sita” kwa Kiswahili, na kijana wa kampuni alikwisha kuanza kuandika. Nikasema saa sita. Nikaitaja na kengele.

Hakimu akavua miwani. Alieleza kwa sauti ndogo, nami nikatafsiri kila neno: kwamba hakuna anayesema mzee ni mwongo au mkwepa deni, kwamba pesa alilipa kweli, lakini alimlipa mtu ambaye saa ile hakuwa tena mdai wake, na taarifa ilikwisha kufika nyumbani kwake kwa njia halali, kwamba anayo haki ya kumdai mwenye duka azirudishe. Akampa miezi ya kulipa kidogo kidogo. Mzee akaniuliza, “Mwenye duka iko wapi?” Nikatafsiri swali. Hakimu akaangalia dirishani.

Alijaribu. Aliuza ng'ombe mwingine, na mavuno yale yalikuwa ya shida, maji ya mifereji hayakufika vizuri mashambani. Alilipa mara mbili, mara ya tatu akashindwa. Kampuni ikaomba kukamata mali, na mali yenyewe ilikuwa moja tu yenye thamani. Hati ya kukamata ikawekwa ndani ya mkoba wangu. Nilimwomba bwana mkubwa ampeleke mwingine. Akakohoa, akaniambia mwingine yuko wapi.

Siku walipoing'oa mashine nilikuwapo, nikiandika orodha: mashine moja ya kukoboa, injini moja, mkanda mmoja wa ngozi. Nati zilikuwa zimeshika kutu, wakazikata kwa patasi. Mwana wa mzee alikataa kusaidia, akaenda kukaa mtoni. Akina mama waliokuja na vikapu walisimama wakaangalia, halafu mmoja akainua kikapu chake, na wengine wakafuata, wakarudi walikotoka. Mzee alisaidia kusukuma injini hadi kwenye lori. Alisema peke yao wataivunja, hawaijui. Kabla lori halijaondoka aliipangusa vumbi kwa mkono wake. Kwa hilo nililia, nikiwa na soksi zangu na mkoba wangu, na sikujificha.

Niliacha kazi ile mwaka uliofuata, kwa sababu nyingine nilizoandika kwenye barua, na nikafungua kibanda cha kushona Uvira. Mzee alikuwa akipita kila aliposhuka mjini. Hakuja kushona. Alikuwa akifungua kitambaa chake na kunipa risiti.

“Nisomee.”

Nilikuwa namsomea. Nimepokea kutoka kwa fulani wa Luberizi, jumla ya faranga elfu kumi na mbili, kwa kumaliza deni la mashine.

“Iko imeandikwa nimemaliza?”

“Imeandikwa, muzee. Umemaliza.”

“Basi minye nimelipa,” alikuwa anasema, na anaikunja tena kwa mikunjo ile ile. Mara tano, mara sita, miaka inakwenda. Risiti ilichakaa mpaka nikawa naisoma kwa kichwa.

Mara ya mwisho alikuja akitembelea fimbo. Mke wake alikuwa amekufa mwezi uliotangulia, na nilimpa pole, nikamletea kiti. Nikamsomea risiti. Hakuikunja.

“Na ile karatasi yako weye? Ile uliachia mama. Minye nimesahau saa yake.”

“Saa tatu na robo, muzee.”

“Mama alinisemea, siku tatu mbele ya kufa. Alisema ulikuja, ukakataa hata maji. Alisema nisikukasirikie, ulikuwa mutoto.” Hakuwa na ukali, alikuwa anataka kujua tu, kama mtu anayeuliza njia. “Ulikuwa unakimbilia nini ile siku?”

Nilitafuta. Nawaambia nilitafuta kweli, nikarudi nyuma hadi siku ile, nikapita Runingu, nikapita ofisini, nikatafuta kikao, nikatafuta bwana mkubwa akinisubiri, nikatafuta hata mwanamke. Sikuwa na kitu. Jioni ile nilikuwa nimepanga kufua soksi.

“Hakuna, muzee,” nikamwambia. “Sikuwa nakimbilia kitu.”

Akatikisa kichwa polepole, akachukua risiti yake mezani, akaanza kuikunja.